Mkopo unaokatwa kwenye pensheni: piga hesabu kabla ya kutia sahihi

Tuanze na NSSF ya Uganda, maana wengi hudhani kuna "mkopo wa NSSF". Mfuko huo haukopeshi wanachama. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake, lakini huko ni kutoa fedha zako mwenyewe na hakuna riba. Anayekuahidi mkopo wa NSSF mara nyingi ni mkopeshaji mwingine, atakayelipwa kwa kukata mshahara wako.

Mikopo inayoumiza zaidi ni ile ya wastaafu wa serikali, ambao pensheni yao ya kila mwezi ndiyo rehani. Hapo uliza kwanza fedha zitakatwa wapi. Zikikatwa kwenye orodha ya malipo, utapokea kilichobaki, na makato yanaweza kuendelea hadi mkopeshaji athibitishe kwamba deni limekwisha. Zikikatwa benki kwa agizo ulilosaini, pensheni inaingia kamili kwenye akaunti kisha inapunguzwa, na walau utayaona makato kwenye taarifa ya akaunti. Namna ya tatu ni kumwachia mkopeshaji kadi ya ATM na namba ya siri. Sheria ya wakopeshaji ya mwaka 2016 inaikataza namna hiyo, sawa na kushika kitambulisho cha taifa. Akikuomba kadi, ondoka.

Sasa hesabu. Mwalimu mstaafu wa Arua anapata pensheni ya shilingi 500,000. Anakopa 3,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia 2.8 kwa mwezi, kiwango cha juu kilichotangazwa mwaka 2024 kwa wakopeshaji wenye leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji binafsi. Riba ikihesabiwa kila mwezi juu ya deni lililobaki, atakatwa kama 173,400 kwa mwezi, jumla karibu 4,160,000. Ikihesabiwa juu ya ile milioni tatu ya mwanzo hadi mwisho, hata baada ya nusu ya deni kulipwa, atakatwa 209,000 kwa mwezi, jumla 5,016,000. Asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba ni ileile, ila tofauti inapita 850,000. Kwa hiyo usiulize asilimia peke yake. Uliza jumla utakayolipa, na iandikwe. Benki inatakiwa kukupa muhtasari wa masharti na gharama zote kabla hujasaini.

Tena, milioni tatu hazifiki mkononi. Tuseme ada na bima ni asilimia 5: atapokea 2,850,000, huku riba ikihesabiwa juu ya 3,000,000.

Balaa lenyewe huja mwezi wa 12 wa mkopo. Ofisa wa mkopo anapiga simu: "Mzee, umelipa vizuri, unaweza kuongezewa." Kwa mkataba ule wa pili, wa riba juu ya milioni tatu mwanzo hadi mwisho, mkopeshaji anaweza kusema deni ni malipo 12 yaliyobaki, yaani 2,508,000, riba ya mwaka ambao haujafika ikiwa ndani. Anaandika mkopo mpya wa 3,000,000, anafuta wa zamani, zinabaki 492,000. Akitoa tena ada ya 150,000, mzee anaondoka na 342,000. Makato hayabadiliki, bado ni 209,000, ndiyo maana hashtuki. Lakini miezi 12 iliyokuwa imebaki imekuwa 24: kwa 342,000 aliyopewa, ameongeza malipo ya 2,508,000. Kabla ya kukubali, dai kwa maandishi kiasi cha kufuta deni leo, riba ya miezi ijayo ikiwa imeondolewa. Wakigoma kukitoa, usisaini.

Makato pia hupitiliza. Orodha ya malipo hufungwa kabla ya siku ya kulipwa, hivyo taarifa kwamba deni limekwisha ikichelewa kwa siku chache unakatwa mwezi wa 25. Pensheni ikichelewa na kulipwa ya miezi miwili pamoja, unaweza kukatwa mara mbili, na hilo ni halali kama mwezi uliopita haukukatwa; lisilo halali ni kutozwa faini ya kuchelewa pamoja na makato yale wakati mkataba hausemi hivyo. Weka daftari: tarehe, kilichokatwa, jumla hadi sasa. Malipo mawili kabla ya mwisho, peleka barua ya kuomba makato yasitishwe kwa mkopeshaji na kwa ofisi ya wilaya inayoshughulikia pensheni yako, nakala zako zigongwe muhuri wa kupokelewa. Deni likiisha, chukua barua ya kumaliza deni.

Ukikatwa zaidi, lalamika kwanza kwa mkopeshaji kwa maandishi, ukiambatisha hati za malipo. Asiporudisha, benki inashtakiwa kwa Benki Kuu ya Uganda, na mkopeshaji binafsi kwa UMRA. Dai liandikwe kwa kiasi kamili, kwa mfano: "Rudisheni 209,000 zilizokatwa baada ya malipo ya 24."