Prufu tu, kunyoosha sentensi, au kuvunja na kuandika upya? Ninavyopima muswada

"Wakuu, nimeanza kupokea kazi za uhariri. Kila mteja anasema 'nipitie tu makosa madogo madogo', nikifungua faili nakuta balaa. Mnajuaje kwamba kazi hii ni ya prufu, hii ya kunyoosha sentensi na hii ya kubomoa na kujenga upya? Mimi huwa naelewa nikiwa nimeshafika katikati na bei nimeshataja."

Mkuu, hata mimi zamani nilikuwa napima kwa wingi wa makosa. Nikiona "mala nyingi", "garama" na mikato iliyotupwa hovyo, nasema hii kubwa. Ukurasa ukiwa msafi, nataja bei ya prufu. Kilichonitoa huko ni kijitabu kimoja cha kurasa 16 cha wakulima wa mahindi, kuhusu kuhifadhi mavuno yasipate sumukuvu. Mteja simtaji. Lugha ilikuwa safi kabisa, mwandishi ni mtu wa shule. Nilisoma prufu siku mbili, nikarekebisha labda makosa 40, nikarudisha kazi nikijisifu.

Kabla ya kuchapa, bwana shamba wao alimpa mama mmoja kijijini asome, kisha akamwomba aeleze atafanya nini akishavuna. Mama akasema atanunua ile mifuko ya tabaka tatu, atatia mahindi, atafunga kwa nguvu hewa isiingie. Akanyamaza. Na kukausha je? "Kumbe kuna kukausha?" Maelezo ya kukausha yalikuwa ukurasa wa 12, mifuko ukurasa wa 7. Mahindi mabichi ukiyafungia kwenye mfuko usiopitisha hewa, wadudu watakufa kweli, lakini mzigo utavunda. Kila sentensi niliyoipitia ilikuwa sahihi, na kijitabu kizima kilikuwa kinampoteza msomaji. Kazi ikarudi kwangu, nikaifanya upya kwa bei ileile ya prufu.

Tangu hapo, usomaji wa kwanza sishiki kalamu ya kusahihisha. Nasoma kila aya na kuandika pembeni, kwa maneno matatu manne, aya hiyo inafanya nini. Si inazungumzia nini, inafanya nini. Nilipokifanyia hivyo kile kijitabu nilipata orodha hii: mradi ulivyoanza, wafadhili, mradi tena, takwimu za mavuno, madhara ya sumukuvu, mifuko, bei ya mifuko, madhara tena, panya, kukausha, kupima unyevu, kupukuchua. Huhitaji kuwa mkulima kuona tatizo. Mkulima hukausha, hupukuchua, hupima, ndipo hufunga. Madhara yametajwa mara mbili, na kurasa tatu za mwanzo zinamsifu aliyelipia, si anayesoma.

Ukiisoma orodha yako ya pembeni ukakuta unatamani kuhamisha, kuunganisha au kufuta aya nzima, hiyo ni kazi ya muundo, hata kama hakuna herufi moja iliyokosewa. Dalili nyingine ni pale unapokwama kuandika neno la pembeni, kwa kuwa aya moja inafanya mambo matatu au haifanyi lolote. Orodha ikitiririka bila kukushtua, mifupa iko sawa, shuka chini kwenye sentensi.

Kwenye sentensi nachukua kurasa tatu tu: moja ya mwanzoni, moja ya katikati na moja ya mwishoni. Usichukue za mwanzo peke yake, watu wengi huzipiga pasi hizo, kisha huchoka. Nazihariri kweli kweli huku naangalia saa, na najiuliza swali moja: je, ninarekebisha bila kufikiria maana, au kila mara inabidi nisome mara mbili nijue alitaka kusema nini? Kwenye kijitabu kilekile kulikuwa na hii:

"Ni muhimu kuhakikisha kuwa zoezi la ukaushaji wa mahindi linafanyika kwa namna ambayo itawezesha kiwango cha unyevu kilichomo ndani ya punje kupungua na kufikia asilimia 13."

Sarufi haina kosa hata moja. Msoma prufu ataipita akipiga mluzi. Lakini mkulima anahitaji hii: "Kausha mahindi mpaka unyevu wa punje ushuke hadi asilimia 13." Na kwa kuwa wengi hawana kifaa cha kupimia, nilimwomba mwandishi aongeze kipimo cha chumvi: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funika, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ukikutana na "zoezi la", "suala zima la" na "kwa namna ambayo" kila aya, usijidanganye kwamba ni prufu. Mara nyingi mtu alifikiria Kiingereza akaandika Kiswahili, na itabidi upitie sentensi moja moja.

Kuna makosa yanayofanana na ya prufu ila siyo. "Mifuko hiyo yatunzwe" ni prufu, weka "itunzwe", songa mbele. Sasa angalia hii: "Mahindi ya kwenye magunia yaliyotobolewa na panya yaondolewe." Kilichotobolewa ni mahindi au magunia? Kinachoondolewa ni kipi? Ngeli ni moja, upatanisho haukusaidii. Hapo usibuni, muulize mwandishi. Kwenye zile kurasa tatu nahesabu maswali ya aina hii. Likiwa moja, naendelea na prufu. Yakiwa matatu kila ukurasa, prufu imeshakufa, iwe mteja anataka au hataki.

Kinyume chake nacho kipo. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea kumbukumbu zake zimejaa r na l zilizobadilishana, herufi kubwa katikati ya sentensi, aya ndefu kama treni. Mtu wa haraka angesema andika upya. Nikaandika maneno ya pembeni: kila aya iko mahali pake, na sentensi ukizisoma kwa sauti unamsikia mzee anaongea. Makosa maelfu, lakini yote ya kuona na kurekebisha, hata aya nilizikata tu pale alipovuta pumzi. Ilikuwa prufu nzito, na ningeinyoosha zaidi ningemfuta mwenyewe. Bei yake nilitoa kwa saa, si kwa ukurasa.

Ukishajua ni ngazi gani, anza juu kushuka: muundo, halafu sentensi, halafu prufu. Ukianza na mikato utang'arisha aya ambayo kesho utaifuta. Na usivunje kazi ya mtu bila ruhusa. Mimi namrudishia mteja orodha ya pembeni pamoja na zile kurasa tatu nilizohariri, na bei mbili: hii ya ulichoomba, hii ya ninachokiona. Wengi wakiiona orodha yao wenyewe hawabishani. Akisisitiza prufu tu, nafanya prufu, na matatizo ya muundo namwandikia kwenye barua pepe ili yabaki kwa maandishi.

Uliza pia kama faili limeshapangwa kurasa na msanifu. Likiwa limeshapangwa, kuhamisha aya moja kunasukuma picha, maelezo ya picha na yaliyomo, kwa hiyo hata kazi inayolilia kuvunjwa utaigusa pale tu panapoweza kumdhuru msomaji. Kile kijitabu kilikuwa kimeshapangwa. Tulihamisha sura ya kukausha tu, ikaja mbele ya mifuko, na wafadhili wakaachiwa kurasa zao.