Umekwenda 60, umerudi 40: usiandike 50

Wewe unayeanza hesabu za mwendo, kuna swali litakukamata mapema. Mimi lilinikamata kwenye mtihani, nikaandika jibu kwa sekunde tano na kukuta alama ya kosa imechorwa kubwa pembeni. Gari limekwenda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, likarudi kwa njia ile ile kwa kilomita 40 kwa saa. Kasi ya wastani kwa safari nzima ni ngapi?

Mkono unakimbilia kujumlisha 60 na 40 na kugawa kwa 2. Uzuie kwanza. Kasi ya wastani ni umbali wote ugawanywe kwa muda wote, basi. Umbali hatukupewa, lakini chukua wowote unaogawanyika vizuri, tuseme kilomita 120 kila upande. Kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48.

Ukitumia umbali mwingine, jibu ni 48 vilevile, kwa sababu umbali ukiongezeka muda nao unaongezeka kwa uwiano uleule.

Zile kilomita 2 zimepotelea wapi? Iandike safari saa kwa saa: 60, 60, 40, 40, 40. Gari limekaa kwenye 40 kwa saa tatu, na kwenye 60 kwa saa mbili tu. Ukisema 50 umezihesabu kasi mbili kana kwamba zilichukua muda sawa, kumbe kilicho sawa hapa ni umbali. Swali lingesema gari liliendeshwa saa 2 kwa 60 na saa 2 kwa 40, hapo 50 ingekuwa sahihi kabisa. Kwa hiyo soma kwanza: kilicho sawa ni muda au ni umbali? Na katika kwenda na kurudi, jibu lako likiwa katikati kabisa ya kasi mbili tofauti, au likiegemea ile kubwa, rudia hesabu.

Baadaye utakutana na kanuni ya mkato, 2ab/(a + b), ambapo a na b ni zile kasi mbili. Inafanya kazi pale tu pande mbili zina umbali sawa, na mimi huitumia kuhakiki tu.

Sasa jaribu hili. Umekwenda kilomita 60 kwa kasi ya 30. Urudi kwa kasi gani ili wastani uwe 60? Wengi hujibu 90. Lakini kurudi kwa 90 ni dakika 40, na kwenda kulichukua saa 2, hivyo umepata kilomita 120 kwa saa 2 na dakika 40, yaani 45 tu. Ili wastani ufike 60, kilomita 120 zinatakiwa ziishe kwa saa 2, na saa hizo mbili ulizimaliza zote wakati wa kwenda. Hata urudi kwa roketi, hufikii 60.