Biro ikifunga mwisho wa mwaka, hesabu konje yako mwenyewe

Desemba ikiingia, tangazo lile lile linabandikwa kwenye milango ya biro nyingi hapa Lubumbashi. Kampuni itafunga kuanzia tarehe fulani, siku za kufunga zitakatwa kwenye konje ya kila mtu, na mwenye kubaki na siku ataruhusiwa kuingia na chache tu katika mwaka mpya. Zinazozidi zinapotea tarehe 31. Watu wanasoma mstari wa kwanza, wanaanza kupanga safari ya Likasi au Kasenga kwenda kuona wazazi, na ile mistari miwili ya chini wanaiacha. Nimeshika hesabu za konje na mishahara kwa miaka, na nasema kwa uhakika: mfanyakazi anaumizwa na ile mistari miwili ya chini.

Tuanze na siku zinazokatwa. Sheria ya Kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inahesabu konje kwa siku za kazi. Kila mwezi mzima uliotumika unampa mtu mzima siku moja ya kazi, angalau, na kila miaka mitano kwa mwajiri yule yule inaongeza siku moja. Kwa hiyo Jumapili haimo ndani ya konje, na sikukuu ya serikali haimo pia. Sasa mwisho wa mwaka kwetu umejaa sikukuu: 25 Desemba, 1 Januari, na 4 Januari ya Mashahidi wa Uhuru. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa sana, kwa sababu watu wameshachoka na shangwe na tangazo limeandikwa kwa haraka.

Chukua mfano wa mama mmoja wa depo ambaye niliketi naye na kalenda ya ukutani. Alianza kazi tarehe 1 Oktoba 2018. Mwisho wa 2024 kampuni yake ilifunga kuanzia Jumatatu 23 Desemba mpaka Jumamosi 4 Januari 2025, na tangazo likasema kila mtu atakatwa siku 12. Aliniuliza, “Papa, wiki mbili si ni siku 12 kweli?” Nikampa kalamu, nikamwomba apige alama kwenye kila siku ambayo depo lingefunguliwa kama kusingekuwa na tangazo. Akapiga 23, 24, akaruka Noeli, akapiga 26, 27, 28, akaruka Jumapili, akapiga 30, 31, akaruka Bonane, akapiga 2 na 3. Tarehe 4 alisita, kisha akaiacha. Alama zilikuwa 9.

Aliyeandika 12 alikuwa ameondoa Jumapili peke yake. Siku tatu za sikukuu, ambazo serikali ilishazitoa kwa wote, alizifanya konje. Kama biro yenu haifanyi kazi Jumamosi, angalia kitu kimoja zaidi: mnapopewa konje, je, Jumamosi inahesabiwa kuwa siku ya kazi? Kipimo kinachotumika kukupa ndicho kitumike kukukata. Ukipewa kwa wiki ya siku tano kisha ukakatwa kwa wiki ya siku sita, unapunjwa na ni vigumu kuona.

Sasa ule mpaka wa kuvuka mwaka. Tangazo linahesabu mwaka wa kalenda, Januari mpaka Desemba, kwa sababu hivyo ni rahisi kwa wenye kufunga vitabu vya hesabu. Lakini haki yako ya konje haizaliwi Januari. Inazaliwa siku unapotimiza mwaka mzima wa kazi, tarehe kwa tarehe, kuanzia siku uliyoajiriwa. Kisha tarehe ya kwenda konje mnapatana wewe na mwajiri, na isipite miezi sita tangu haki izaliwe. Na mkataba wowote wa kukufanya uiachilie konje hauna nguvu.

Weka hayo kwenye hesabu ya yule mama. Tarehe 1 Oktoba 2024 alitimiza miaka sita, kwa hiyo haki yake ni 12 na 1 ya ukongwe, siku 13. Alikuwa hajagusa hata moja. Kwa hesabu ya tangazo angekatwa 12 na kubaki na 1, na jambo lingeishia hapo. Kwa hesabu sahihi alikatwa 9, akabaki na 4. Tangazo liliruhusu kuvuka na 3 tu, maana yake moja ingepotea usiku wa tarehe 31 Desemba. Lakini miezi yake sita ilikuwa inaenda mpaka mwisho wa Machi 2025. Siku ya 31 Desemba alikuwa bado katikati ya muda wake, kwa hiyo siku zote 4 zilikuwa hai.

Kuna hali iliyo mbaya zaidi, na mimi inanikasirisha kwelikweli. Ni ya mtu aliyeajiriwa Februari. Miezi yake sita inaisha Agosti. Ameomba konje Mei, shefu amesema kazi ni nyingi. Ameomba Julai, ameambiwa angoje. Desemba anaambiwa siku zake zimepotea kwa sababu hakuzitumia! Hapo mwajiri ndiye aliyechelewa, na barua za kuomba zikiwepo jambo liko wazi. Ndiyo sababu nawaambia watu wasiombe konje kwa mdomo. Andika, tia tarehe, baki na kopi yenye sahihi ya aliyeipokea.

Sisemi kwamba kila mpaka ni batili. Kampuni zingine zinatoa siku 20 au zaidi, kupita zile za sheria. Ile ziada imetoka kwenye kanuni za kampuni au mapatano na sendika, na huko huko unaweza kukuta masharti yake ya kuisha. Soma kanuni hizo kabla ya kubishana. Kile unachokilinda kwanza ni kima cha sheria.

Mwenye kuajiriwa Julai ya mwaka huu huu hajatimiza mwaka, kwa hiyo Desemba hana konje ya kukatwa. Aulize kwa maandishi: siku hizi za kufunga ni za kulipwa tu, ni mkopo juu ya konje yangu ya kesho, au zitakatwa kwenye mshahara? Jibu lina uzito, maana kontra ikikatika, konje ambayo haikuchukuliwa inalipwa katika hesabu ya mwisho, na siku za mkopo zitaondolewa mle mle.

Ukiona tofauti, usingoje Januari. Tangazo likitoka, peleka barua fupi kwa mwenye kushika mambo ya wafanyakazi: tarehe uliyoajiriwa, siku ulizo nazo haki, siku ulizochukua, siku za kazi kati ya tarehe za kufunga zikiorodheshwa moja moja, na tarehe unazopendekeza kwa zilizobaki. Yule mama alipendekeza wiki moja ya Machi, na ilikubaliwa bila maneno, kwa kuwa karatasi yake ilikuwa na tarehe na si malalamiko. Mambo yakikwama, delege wa sendika ndiye wa kwanza kuonwa, kwa sababu yeye anaweza kuomba tangazo lisahihishwe kwa wote. Baada yake kuna Ispeksheni ya Kazi, nao watakuomba kitu kile kile cha kwanza: kontra yenye tarehe ya kuanza, na kopi za barua ulizoandika.