Jina la duka la kopi na intaneti: mama mmoja alinifundisha pale Mwanjelwa

Nilivyofungua ofisi yangu Mwanjelwa niliipa jina Nyanda Dijitali Solushenzi, niliona limekaa kisasa kabisa, miezi mitatu watu wanaingia kuulizia chaji za simu na rimoti za ving'amuzi. Siku moja mama mmoja akasimama mlangoni kwangu, cheti cha mtoto kakifunga kwenye mfuko wa nailoni kisivurugwe na mvua, akaniuliza, "Samahani mwanangu, kopi wanatoa wapi huku?" Nikamwambia ni hapa hapa mama, karibu. Iliniuma sana.

Kesho yake nikavuka barabara hadi kijiwe cha bodaboda, nikauliza wale vijana na wapita njia, wewe ukiwa na shida ya karatasi unasemaje? Karibu wote walisema "natafuta pa kutoa kopi" au "naenda steshenari", mwanachuo ndo anasema kuprinti, dijitali hata mmoja hakuitaja. Kwahiyo neno la kwanza kwenye jina liwe lile mteja analolitamka mwenyewe. Nikaita Kopi Fasta. Steshenari niliiacha maana siuzi madaftari, na intaneti peke yake watu wanadhani unauza bando.

Ila jina haliwezi kubeba kila kitu, usije ukaandika Kopi Printi Intaneti Laminesheni Baindingi lote likawa jina. BRELA unasajili lile fupi (kwanza tafuta kwenye mfumo wao wa ORS kama hakuna mwenye jina hilo au linalofanana nalo), halafu huduma unaziweka chini yake kwenye bango, ukiongeza huduma kesho unabadili bango, jina ulilosajili linabaki vilevile. Mimi nimeandika: KOPI, PRINTI, INTANETI, na mstari wa chini "Tunajaza fomu za mkopo wa chuo, ajira na vyeti vya kuzaliwa". NIDA au RITA usiweke kwenye jina la duka jamani, mtu ataamini ni ofisi ya serikali, ukimdai hela ya huduma mnagombana.

Kingine ni ukubwa wa herufi, hapa wengi tunaferi. Kadiria sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Toka kijiwe cha boda mpaka kwangu ni mita 15 hivi, kwahiyo herufi zilitakiwa zisipungue sentimita 12 na nusu, na mimi huduma nilikuwa nimeziandika kwa sentimita 5, yani zinasomeka vizuri ukiwa mita 6 tu, mtu wa ng'ambo anaona michoro. Rangi nazo, nyekundu juu ya nyeusi jioni au ukungu ukishuka inapotea, nikaweka nyeusi juu ya njano.

Kabla fundi hajachora bango zima mwambie akuandikie neno KOPI tu kwenye boksi, ulisimamishe mlangoni, uvuke barabara saa 12 jioni uliangalie. Kwangu ilibidi tuongeze unene wa herufi mara mbili.