Anayekukimbiza ndotoni ni nani?

"Wadau, mara kwa mara naota nakimbizwa na mwanamume mwenye koti refu, simjui. Shangazi anasema ni maadui kazini. Ina maana gani?"

Dada, kabla ya kumkubalia shangazi, mchunguze huyo mwenye koti. Kukimbizwa kwenyewe kunakuonyesha tu kwamba kuna jambo unalikwepa. Ni jambo gani, hilo utalipata kwa anayekukimbiza.

Mimi nilikuwa nikikimbizwa na mama mmoja mlevi, kanga imemlegea, kutoka Gikomba hadi karibu na Machakos Country Bus, akipiga kelele mbele za watu. Nyumbani waliniambia ni jirani mwenye husuda. Nikafanya hivi: nilipoamka tu, nikaandika sifa zake kana kwamba namweleza mtu asiyemjua. Ana sauti kubwa, haoni haya, anadai chake hadharani. Kisha nikajiuliza sifa hizo ziko wapi maishani mwangu. Kwa jirani hazimo, mama wa watu mpole. Nikakaa nikaongea kama yule mlevi: "Mimi nadai changu. Nataka unisikilize." Hapo koo likanikaba, maana ndugu yangu alikuwa na pesa zangu za kodi tangu mwaka uliopita, nami nilikuwa nikimchekea tu kila tukikutana. Mlevi alikuwa ile sauti yangu ya kudai, niliyolelewa niione ni utovu wa adabu.

Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alizitenganisha njia hizi mbili za kusoma ndoto: mhusika anaweza kuwa mtu halisi wa nje, au sehemu ya nafsi ya anayeota. Akiwa ni mtu wa karibu mnayehusiana naye kweli, kama mume au bosi, anza na uhusiano wenyewe. Akiwa mgeni kama huyo wako, anza ndani. Shangazi ameruka hatua hiyo, na tafsiri ya maadui ina ubaya wake: inakufanya uanze kuwapekua macho wenzako wa kazini bure.

Jihadhari pia na jibu linalokusifu. Ukipata kwamba mwenye koti ni "wivu wa watu kwa mafanikio yangu", rudi kwenye karatasi. Jibu la kweli kwa kawaida hukutia aibu kidogo, na hulingana na sifa ulizoandika kabla ya kuanza kutafsiri.

Ila kama uliwahi kuvamiwa kweli na mtu mwenye koti, yote haya yaache. Hiyo si fumbo, ni tukio linalojirudia usingizini. Kuna tiba yake: mchana, ukiwa macho, unaiandika ndoto upya kwa mwisho unaoutaka wewe, kisha unaupitia akilini kila siku kwa dakika kama 10 au 20. Ukiona inakuzidi, mwone mshauri nasaha.

Lile koti likoje? La kazini, la mvua, au la mtu wa zamani?