Maswali na majibu: Maneno ya Kiingereza, mpangilio wa Kiswahili

Mwalimu, msimamizi amenirudishia sura ya matokeo. Sentensi moja ameipigia mstari bila maelezo. Nimeangalia kamusi, kila neno liko sawa. Kasoro iko wapi? "In the villages which data was collected in them, the fishers of Tudor Creek they said that although the catch has reduced in the kusi season of 2022, but the number of traps it did not change."
*Mwanafunzi wa uzamili, Tudor*

Weka kamusi kando kwanza, maana kasoro haiko kwenye neno mojamoja. Tafuta vitenzi. Viko vinne: "was collected", "said", "has reduced" na "did not change". Kwa kila kitenzi jiulize mtendaji ni nani na ametajwa mara ngapi. Utaona wavuvi wametajwa, halafu "they" ikawataja tena. Idadi ya malema imetajwa, halafu "it" ikairudia. Kwetu ni lazima iwe hivyo: tukisema "wavuvi walisema", ile wa- haing'oki hata kama wavuvi wenyewe wametangulia. Kiingereza hakina kiambishi hicho, kwa hiyo jina peke yake latosha. Futa "they", futa na "it".

Kisha angalia "in them". Umetafsiri "vijiji ambavyo data ilikusanywa ndani yake". Sisi huwa tunakirejea kile kitu mwishoni, lakini Kiingereza hukiacha wazi: "the villages where data was collected". Halafu "although" na "but" haziwezi kukaa pamoja. "Ingawa… lakini…" tunaisema kila siku na haimkeri mtu. Kiingereza hutaka moja kati ya hizo mbili.

Kitenzi cha "has reduced" kina makosa mawili. Mwaka umeutaja na umeshapita, kwa hiyo "has" haina nafasi. -Me- yetu ina uhuru zaidi katika hili. Pili, katika maandishi ya kitaaluma "reduce" ni kupunguza, yaani yuko mtu anayepunguza kitu. Wewe wataka kupungua, na hapo ndipo panapofaa "fell" au "declined".

Sasa ndiyo tupange. Msomaji wa Kiingereza humtafuta mtendaji na kitenzi chake mapema. Wewe umemtembeza vijijini kwanza, akafika kwa wavuvi amechoka. Mtangulize mvuvi, na mahali pamfuate:

"Fishers in the Tudor Creek villages where we collected data said that their catch fell during the 2022 kusi season, although the number of traps did not change."

Isome tena uhakikishe maana haijahama. Mimi nimeandika "we collected". Kama data ilikusanywa na wengine, irudishe kama ilivyokuwa. Nimeandika "their catch" pia. Kama walikuwa wakizungumzia samaki wa hori zima, ondoa "their". Mwaka 2022 nimeusogeza kwenye msimu, na kwa kusi haidhuru, kwa sababu huanza kuvuma kama Aprili na kwisha kabla ya mwaka kugeuka. Ingekuwa kaskazi, isingefaa kuandika mwaka mmoja, maana huanza mwisho wa mwaka ikaendelea hadi Machi. Hapo ungeandika "2022/23".

Mhakiki wa jarida analalamika kuwa nina "of" nyingi mno. Mfano wake: "the results of the analysis of the samples of the water of the wells of Kisauni". Nizitoe vipi bila kupoteza maana?
*Mtafiti wa afya ya jamii, Nyali*

Mhakiki ana haki. Kihusishi chetu cha -a hufanya kazi nyingi: maji ya kisima ni aina ya maji, maji ya Kisauni ni yanakotoka, maji ya kunywa ni matumizi yake. Mwandishi akiwa na haraka, zote hizo huziandika "of". Uliza kila "ya" inasema nini. Kisauni ni mahali, tumia "from" au "in". Kisima kinaeleza aina ya maji, basi kitangulie: "well-water samples". Tumebakiwa na "the results of the analysis of well-water samples from Kisauni", na hapo sentensi yasomeka.

Usivuke mpaka ukayatanguliza majina yote. "Kisauni well water sample analysis results" ni mbaya kuliko ulikoanzia, kwa sababu msomaji hajui lipi limeshikana na lipi mpaka afike mwisho. Yakifuatana majina matatu, simama. Mara nyingi dawa ni kulirudisha jina liwe kitenzi. "Analysis" ni tendo, na kuna aliyelitenda: "We analysed well-water samples from Kisauni."

Je, "The landing site is operating since 1995" ni kosa?
*Afisa wa uvuvi, Likoni*

Ndiyo. "Linafanya kazi tangu 1995" ni Kiswahili safi, lakini kwa Kiingereza jambo lililoanza zamani na bado linaendelea huandikwa "has been operating since 1995". Tafuta kila "since" kwenye rasimu yako, kisha utazame kitenzi kilicho karibu nayo.

Mahojiano yangu yote ni ya Kiswahili. Nikitafsiri maneno ya wahojiwa, ninyooshe Kiingereza chao kiwe cha kitaaluma?
*Mwanafunzi, Mtwapa*

La, ndugu yangu. Nyoosha sentensi zako. Za kwao zitafsiri ziwe Kiingereza sahihi chepesi, kwa uzito uleule waliousema. Mtu akisema "samaki wamekimbia", usimwandikie "fish stocks have been depleted". Yeye amesema wamehama. Kwisha kwa samaki ni hitimisho lako, na mahali pake ni sura ya mjadala. Weka maneno ya Kiswahili pamoja na tafsiri, jarida likiruhusu.

Lililo kubwa zaidi ni nafsi. "Alisema" haituambii kama ni mwanamume au mwanamke, na nimeona rasimu ambamo kila "alisema" imekuwa "he said", wakiwamo akina mama karanga wanaonunua samaki pwani na kuwakaanga. Msomaji wa mbali ataamini biashara yote iko mikononi mwa wanaume, na matokeo ya utafiti yatakuwa yamepotoshwa na kiwakilishi. Rudi kwenye daftari la nyanjani uhakikishe mhojiwa mmojammoja kabla ya kuandika "he" au "she". Kama hukuandika jinsia, sema "the respondent" au "they".

Majina kama tafi na mkoko niyatafsiri au niyaache?
*Mwanafunzi wa sayansi ya bahari, Mkomani*

Yaache, ila mara ya kwanza weka na jina la kisayansi: tafi ni *Siganus sutor*. Mkoko una mtego wake. Watu hulitumia jina hilo kwa miti yote ya mikokoni, na pia kwa mmoja tu, *Rhizophora mucronata*, huku mchu ukiwa ni *Avicennia marina*. Mhojiwa akisema "tulikata mikoko", usikimbilie kuandika *Rhizophora*. Muulize alikata ipi. Ukishindwa kumpata, andika "mangroves" na uishie hapo.