Deni la 13, 14, 16 na 19: mbona hesabu zinagombana?

"Nimezaliwa 23/6/1985. Apu moja inasema nina deni la karma la 16, nyingine inasema sina kitu. Nishike lipi?" (Dada wa Chang'ombe, Dodoma)

Dada yangu, kwa mafundisho ya namba, deni la karma ni kosa la maisha yaliyopita ambalo mtu analilipa sasa, na linasomwa pale hesabu ya tarehe au jina inapopitia 13, 14, 16 au 19. Hakuna apu iliyokosea kujumlisha hapo, zimepita njia mbili tofauti tu. Shika kalamu twende pole pole. Ya kwanza inavunja tarehe vipande vitatu, kila kipande inakishusha peke yake mpaka kibaki tarakimu moja: siku 23 ni 2+3 unapata 5, mwezi ni 6, mwaka 1+9+8+5 ni 23 ambayo nayo inashuka kuwa 5. Sasa jumlisha 5+6+5, unapata 16, na 16 inashuka kuwa 7. Namba yako ya njia ya maisha, yaani ile inayotoka kwenye tarehe nzima ya kuzaliwa, ni 7, ila umeifikia kwa kupitia 16, ndo maana inaandikwa 16/7 na ndo hilo deni lenyewe.

Ile nyingine imemwaga tarakimu zote kwa mpigo, 2+3+6+1+9+8+5, ikapata 34, na 34 ni 7. Umeona? Mwisho ni 7 kote kote, na itakuwa hivyo siku zote, kwa sababu ukijumlisha tarakimu za namba yoyote, salio la kugawanya kwa 9 halibadiliki. Kinachobadilika ni kituo cha katikati, na deni la karma linasomwa kwenye hicho kituo, sio mwisho wa safari.

Mimi natumia ya vipande na nina sababu. Angalia mwaka wako, 1985 peke yake ni 23, yaani hata ungezaliwa tarehe 1 mwezi wa 1 jumla ya kumwaga ingeanzia 25, kwa hiyo hakuna mtu wa 1985 hata mmoja anayeweza kupata 13, 14, 16 wala 19 kwa njia ile, halafu mtoto wa 2000 ambaye mwaka wake ni 2 tu anazipata kirahisi. Hapo deni linagawiwa kwa rika, sio kwa mtu, na mafundisho yenyewe yanasema deni ni la mtu. Kwa vipande kila kimoja ni kati ya 1 na 9, kila mwaka una nafasi.

Kitu kingine kinacholeta ugomvi ni 11 na 22. Waalimu wengi hawazishushi, wanaziita namba kuu. Aliyezaliwa tarehe 29 anapata 11, ukiiacha 11 au ukiishusha kuwa 2 jumla inapishana kwa 9, na deni linaweza kutokea au kupotea hapo hapo. Kabla hujaamini kikokotoo chochote cha mtandaoni jaribu kwanza na tarehe 29, utajua kinafuata njia gani.

"Mimi ni wa 1990. Nikijumlisha mwaka napata 19. Ina maana rika letu lote tunadaiwa?" (Bahi)

Hapana. Mwaka ni kipande tu, 1+9+9+0 ni 19 kwa kila aliyezaliwa mwaka huo duniani, na 1981 pia inatoa 19, na 1972. Hiyo unaishusha mpaka 1 unaendelea na hesabu. Kwenye njia ya maisha, deni linaangaliwa kwenye jumla ya mwisho ya vipande vitatu.

"Mume wangu kazaliwa tarehe 14. Alianza na alizeti, akaacha, akanunua boda, akauza, saa hizi anaongelea zabibu. Ni hiyo 14?" (Kondoa)

Siku ya kuzaliwa ndo sehemu pekee ambayo deni halihitaji hesabu, ukizaliwa tarehe 13, 14, 16 au 19 linasomwa hapo hapo. Kwa mafundisho, 13 ni mtu aliyekwepa kazi maisha yaliyopita akawaachia wenzake mzigo, 14 aliutumia vibaya uhuru, 16 ni kiburi na mapenzi yaliyoumiza watu, 19 alishika mamlaka akajinufaisha mwenyewe. Kwa hiyo wa 14 anaambiwa maisha yake yatakuwa ya kuhama hama na dawa yake ni kiasi, kushika jambo moja mpaka liive.

Inamfanana mumeo, sikatai. Ila naomba sana usiitumie kumhukumu mezani. Tarehe 14 ipo kila mwezi, wapo waliozaliwa siku hiyo wenye duka moja miaka 30. Muulize kwanza alizeti ilimlipa bei gani msimu ule, huenda aliacha kwa sababu ya bei.

"Mwanangu anaitwa Baraka. Jamaa kanipigia hesabu kasema jina lina 16 na 13 ndani, tulibadilishe haraka, anataka elfu hamsini." (Mama wa Mpwapwa)

Mama, hiyo hela usitoe. Hesabu yake sio ya uongo, ngoja nikuonyeshe. Herufi zinapewa namba 1 mpaka 9 kwa mpangilio: A ni 1, B ni 2 mpaka I ni 9, halafu J inaanza tena 1 mpaka R 9, S inaanza 1 mpaka Z 8. Baraka ni 2+1+9+1+2+1, jumla 16. Chukua konsonanti peke yake, B, R, K, ni 2+9+2, unapata 13. Kweli zipo.

Alichokuficha ni kwamba hesabu ya jina haiishii jina la kwanza. Unachukua jina lote kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kila jina unalishusha peke yake, halafu ndo unajumlisha. Baraka inashuka kuwa 7. Tuseme jina la baba limetoa 3 na la ukoo limetoa 2, jumla ni 12, inashuka kuwa 3, hakuna deni. Ile 13 nayo ni hivyo hivyo, konsonanti za majina yote matatu. Kachukua kipande akakuuzia kama kitu kizima, na hilo linaniuma kwa sababu mzazi anaanza kumwangalia mwanae kwa hofu.

Na hata kama deni lingetoka kweli kwenye jina zima, kubadilisha hakulifuti. Mafundisho yanahesabu jina alilopewa akizaliwa, jina jipya linasomwa pembeni tu.

"Bibi yangu kitambulisho kinasema 1/7/1940. Nimepiga, imetoka 13, deni la uvivu. Bibi huyu amelima mtama na karanga maisha yake yote!" (Mjukuu, Chamwino)

Hesabu yako iko sawa, 1+7 na 1940 ambayo inashuka kuwa 5, ni 13. Lakini mjukuu, kwanza jua deni la 13 halisemi mtu ni mvivu sasa, linasema atafanya kazi mara mbili ya wenzake kulipa uvivu wa zamani. Mtu angeweza kukwambia "si unaona, ndo bibi huyo!", na ndo maana nakuwa mwangalifu, maana ya hivyo inamkaa mvivu na mchapakazi wote wawili.

La pili ndo kubwa zaidi. Wazee wetu wengi walizaliwa bila tarehe kuandikwa, wanakumbuka ni msimu wa njaa fulani au mvua fulani, na ikifika kwenye fomu karani anajaza 1/7 au 1/1. Ukipigia hesabu tarehe hiyo umempigia karani. Muulize bibi kama aliwahi kuambiwa siku yake na nani. Kama hakuna, acha tarehe kabisa, chukua jina alilopewa na wazazi wake, hilo angalau ni lake.